Korosho zetu zilikuwa zinaangaliana: kwa nini akili mnemba haiikumbuki picha yako, na jinsi ya kuibeba kazi mbele

Mwaka jana kuna kikundi cha akina mama hapa Tanga waliniomba niwachoree kanga yao, kanga ya sare, wavae kwenye harusi ya binti wa mmoja wao. Mimi kazi yangu ni kudizaini, mabango, kadi, lebo za bidhaa, na siku hizi naanza mawazo ya kwanza kwenye apu ya akili mnemba ya kuchora picha, halafu namalizia mwenyewe kwenye kompyuta. Jioni moja nikakaa nayo, nikaandika nikafuta, kama picha kumi hivi, ya kumi na moja ikatoka yenyewe kabisa. Nikaituma kwenye grupu la WhatsApp, akina mama wakaikubali palepale, nikazima simu nikalala.

Wiki mbili baadaye wakataka rangi ya pindo ibadilishwe. Nikafungua apu, chati mpya, nikaandika tu kwamba naendelea na ile kanga ya korosho, nibadilishie pindo liwe la njano. Ikachora bila kusita, picha safi, korosho zipo, pindo la njano lipo, nikaituma. Dakika tano mama mwenyekiti akanirudishia voisi: "Mwanangu, hii sio kanga yetu. Korosho zetu zilikuwa zinaangaliana, hizi zimepeana migongo."

Nikaziweka pamoja nikaona alichokiona. Ya kwanza ilikuwa na korosho nne kubwa kwenye mji, ncha zote zimeelekea katikati, ndani ya tumbo la kila moja kuna tawi lenye majani saba, na pindo lilikuwa safu ya almasi ndogo, kila almasi ina nukta moja. Ya pili ilikuwa na korosho nyingi zimetawanyika, ncha nje, pindo la maua. Yaani kilichofanana ni jina tu, kanga ya korosho. Na kilichoniuma zaidi ni kwamba ile apu haikuonyesha kwamba haijui ninachozungumzia, ilinichorea kama vile inajua, na mtu mwenye haraka angepeleka ile kiwandani.

Sasa nimekaa na hili jambo muda mrefu, nimelisoma na kulijaribu, na nataka nilieleze kwa utulivu maana kila wiki kuna mtu ananiuliza kwa nini apu yake "imesahau" logo yake. Haijasahau. Haikuwahi kuishika.

Modeli ya kuchora picha, yaani ile akili yenyewe iliyo nyuma ya apu, ni faili kubwa la namba. Hizo namba zilipangwa wakati wa mafunzo, kwa kuonyeshwa picha nyingi sana pamoja na maneno yake, halafu mafunzo yakaisha na namba zikagandishwa. Unapoomba picha leo modeli inazisoma zile namba, haiziandiki upya. Ikishamaliza kukuchorea, faili liko vilevile kama lilivyokuwa kabla hujafika, hakuna hata namba moja iliyosogea kwa sababu yako. Chukua mfano wa Stable Diffusion iliyotolewa Agosti 2022 ambayo mtu yeyote anaweza kuishusha kwenye kompyuta yake: faili lake lilikuwa kama jigabaiti 4, na picha za mafunzo yake zilikuwa kwenye kiwango cha bilioni 2. Gawanya uone, inakuja kama baiti mbili kwa kila picha, haitoshi kuhifadhi hata pikseli moja ya rangi maana pikseli moja kwa kawaida inataka baiti tatu. Kwa hiyo hata zile picha ilizofundishwa nazo, ukiacha chache zilizojirudia mno, haina. Ina mazoea tu, korosho huwa na umbo gani, pindo huwa linakaa wapi. Sasa kanga yako ya jioni moja itakaa wapi?

Na namna inavyochora ndio inamaliza kabisa hoja. Wengi wetu tumekua na TV za kisogo zilizokuwa zikikosa mawimbi zinajaa chenga. Modeli nyingi za picha zinaanzia hapohapo: zinatengeneza kiraka cha chenga tupu, vidoti vya bahati nasibu, halafu hatua kwa hatua zinaondoa chenga kidogo kidogo, mara 20 au 30, kila hatua zikijiuliza kama hiki ni kitu kinachoendana na maneno aliyoandika huyu, kitakuwaje chenga zikipungua. Mwisho picha inabaki. Ndio maana maneno yaleyale ukiyaandika mara mbili unapata picha mbili: maneno hayakubadilika ila chenga za mwanzo zilibadilika. Zile ncha za korosho zilizoelekea katikati mimi sikuziomba popote, nimerudi kusoma nilichoandika, hazimo. Majani saba hayamo. Nukta ndani ya almasi haimo. Vyote hivyo vilitoka kwenye chenga, na ndivyo akina mama walivyovipenda.

Hapo ndipo kuna jambo ambalo mimi naliona ndilo kubwa kuliko yote kwenye habari hii, na watu wengi wanalipita: maneno uliyoandika yanaeleza ulichoomba, hayaelezi ulichopata. Mtu anatunza maneno yake vizuri kabisa, anayarudia neno kwa neno kwenye chati mpya, anapata kitu kingine, anaona ameonewa. Hajaonewa, ametunza nusu ya oda.

"Lakini mbona ndani ya chati ileile inakumbuka?" Swali zuri, hili hata mdogo wangu aliniuliza. Ndani ya chati moja, kila unapotuma ujumbe, apu inakusanya mazungumzo yote ya nyuma na kuyatuma tena upya pamoja na ujumbe wako mpya. Modeli inasomewa barua yote toka juu kila mara, ndio maana inaonekana inakumbuka. Ukifungua chati mpya barua inaanza tupu. Na zile apu zenye sehemu ya kumbukumbu, zinachohifadhi kwa kawaida ni sentensi fupi kukuhusu, kitu kama "mtumiaji anatengeneza kanga ya kikundi yenye korosho na rangi ya damu ya mzee". Hiyo sentensi ni kweli tupu, ila kanga elfu moja tofauti zinaweza kuchorwa kutoka kwenye hiyo sentensi na zote zikawa sahihi. Kuna apu nyingine sasa hivi zinaweza kupekua mazungumzo ya zamani, sawa, lakini kupata maneno ya mazungumzo si sawa na kuiweka picha yenyewe mbele ya modeli. Na hata kama kampuni inatumia mazungumzo ya watu kufundishia toleo lijalo, picha yako humo ni tone kwenye bahari, hutaiita kwa jina ikaja.

Tena usiiamini sana hata chati moja. Apu zingine zina sehemu mbili, moja inaongea na wewe, nyingine inachora, na ile inayoongea inampelekea mchoraji maneno tu bila picha. Ukisema badilisha rangi ya pindo, mchoraji anaanza upya na chenga mpya, kwa maelezo mapya. Kuipima ni rahisi. Omba badiliko moja dogo, halafu zifungue picha zote mbili kwenye GIMP, programu ya bure ya kuhariri picha, kama leya mbili zimepandana, ile ya juu uiweke kwenye modi ya `Difference`. Mahali ambapo picha mbili zinafanana panakuwa peusi kabisa. Kama umeomba pindo tu, mji wote unatakiwa uwe mweusi au karibu na mweusi. Ukiona korosho zina mwanga mwanga pembeni, zimesogezwa. Ukiona picha nzima imewaka kama disko, umechorewa kanga mpya.

Sasa kuibeba. Fundi cherehani wangu ameshona nguo za watu maisha yake yote lakini vipimo vya mtu hajaviweka kichwani, viko kwenye daftari limekunjamana hapo kwenye droo ya cherehani, kifua, kiuno, mkono, urefu. Ukirudi baada ya mwaka anafungua daftari. Kwenye hii kazi daftari ni lako wewe.

Kitu cha kwanza ni picha yenyewe, faili halisi, palepale ilipotoka. Ishushe kwa kitufe cha kushusha, usipige skrinshoti, maana skrinshoti ni picha ya kioo cha simu yako, imeshapunguzwa. Na ukiitunza kwa kuituma WhatsApp kama picha ya kawaida inabanwa na kubadilishwa, rangi zinafifia, mistari inaota ukungu, kwa hiyo itume kama dokumenti. Mimi ile ya kwanza nilikuwa nimeituma kwenye grupu kama picha, bahati nzuri ile halisi ilikuwa bado ipo kwenye chati ya zamani, nikaishusha, nikaiita `kanga-korosho-01-mama.png`, hiyo ndiyo picha mama, na hadi leo haiguswi, nikitaka kufanya chochote nakopi kwanza.

Cha pili, kaa na picha uiandike kwa kuitazama. Sio kwa kukumbuka ulichotaka, kwa kutazama kilichopo, kama unamwelekeza mtu kwenye simu ambaye haioni. Nilichoandika mimi kilikuwa hivi: picha imelala kwa upana, urefu kwa kimo kama 150 kwa 110. Mji una korosho nne, moja kila kona, ncha zote zimeelekea katikati. Kila korosho ni kama robo ya upana wa mji. Ndani ya kila korosho tawi moja, majani saba, matatu kushoto, matatu kulia, moja juu. Katikati ya mji patupu. Pindo ni safu moja ya almasi zinazogusana ncha, nukta moja nyeusi kila almasi. Rangi tatu tu, hakuna kivuli. Rangi nikazichukua kwa kile kifaa cha kunyonya rangi kwenye GIMP nikaandika namba zake: damu ya mzee `#7B1E28`, njano ya binzari `#E2A32B`, nyeusi `#14110F`. Ukisema nyekundu tu utapewa nyekundu tofauti kila siku. Namba nayo modeli haiifuati kwa usahihi wote, inakaribia tu, lakini wewe mwenyewe ukiwa na namba utairekebisha kwa mkono baadaye bila kubahatisha.

Cha tatu ni kufungua chati mpya vizuri. Pakia picha mama, halafu pakia na kipande ulichokikata, mimi nilikata korosho moja na kipande cha pindo chenye almasi nne. Kipande ni muhimu kwa sababu apu nyingi hupunguza picha kubwa kabla modeli haijaiona, sasa majani saba kwenye picha nzima yanaweza kufika yakiwa kidoa cha kijivu, ila kwenye kipande yanaonekana. Bandika maelezo ya daftari. Halafu sema badiliko moja, na useme wazi kila kisichobadilika. Usiombe pindo la njano, korosho kubwa zaidi na majani tisa kwa mkupuo mmoja, maana ikiharibika hutajua kipi kimeharibu nini. Kama apu yako inaruhusu kupaka eneo la kubadilisha, paka pindo tu, hiyo ni bora kuliko maneno yote niliyosema hapo juu, maana nje ya eneo ulilopaka haitakiwi kugusa. Pima tena na `Difference` uhakikishe, kuna apu zinapakwa na bado zinachora upya kila kitu.

Nilifanya hivyo, pindo la njano likaja mara ya tatu, korosho zikabaki zinaangaliana. Nukta za almasi zilikuwa zimegeuka vimraba, nikaziacha maana nilijua nitazichora mwenyewe.

Halafu kuna kosa ambalo ni tamu sana kulifanya: umepata toleo la pili zuri, unalipakia hilo kupata la tatu, la tatu kupata la nne. Ni fotokopi ya fotokopi. Kila picha inapoingia inabanwa kuwa namba chache, ikitoka inafunguliwa tena, na kila mzunguko unakula kitu. Nilijaribu makusudi na hii kanga, mizunguko sita, kila mara naomba badiliko dogo la rangi. Kufikia wa sita majani saba yalikuwa matano na mengine yameungana, weusi umekuwa kahawia, almasi zimelegea kama vidonge. Hakuna mzunguko hata mmoja ambao ungesema hapa ndipo ilipoharibika, ndio ubaya wake. Kwa hiyo kila badiliko jipya linarudi kwa picha mama, na mabadiliko yaliyokubaliwa yanaandikwa daftarini, unayaomba kwa pamoja au unayaunganisha mwenyewe kwa leya.

Wale wenye kompyuta yenye kadi nzuri ya picha, wanaoendesha Stable Diffusion wenyewe, wana njia moja ya ziada, maana huko chenga zinashikika. Chenga za mwanzo zinatokana na namba moja inayoitwa mbegu, kwenye skrini imeandikwa `Seed`. Ukitumia web UI ya AUTOMATIC1111, programu ya kuendeshea Stable Diffusion, kila PNG inayotoka inaandikiwa oda yake yote ndani ya faili, unaifungua kwenye tabo ya `PNG Info` unaona kitu kama hiki:

```
kanga cloth, four large paisley motifs, flat colours
Negative prompt: text, letters, shading
Steps: 30, Sampler: Euler, CFG scale: 7,
Seed: 2714403958, Size: 1216x896,
Model: sd_xl_base_1.0
```

Rudisha vyote hivyo, modeli ileile, hatua zilezile, saizi ileile, mbegu ileile, na picha inarudi ileile au karibu kabisa. Sio kwamba imekumbuka, imepika upya kwa vipimo vilevile. Na masharti yake ni makali: badilisha saizi, chenga zinakuwa nyingine. Ongeza neno moja la rangi, na korosho zinaweza kusogea, kwa sababu neno linaingia kwenye kila hatua ya kuondoa chenga, haliendi kwenye pindo peke yake. Kwa hiyo mbegu inarudisha picha, haikupi ruhusa ya kuirekebisha. Kwa kurekebisha huko kuna `img2img`, unaipa picha mama na namba ya `Denoising strength` kati ya 0 na 1, ambayo ni kiasi cha chenga kitakachomwagwa juu ya picha yako kabla ya kuichora upya. Mimi kwenye 0.3 korosho zilikaa mahali pake na rangi ikabadilika kidogo, kwenye 0.7 ncha zilianza kugeuka. Na angalizo tena la WhatsApp: ile oda iliyoandikwa ndani ya PNG inapotea ukiituma kama picha ya kawaida. Ndugu mmoja fundi wa mabango alinitumia kazi zake thelathini nimsaidie kusoma mbegu, zote zilikuwa zimeshapita kwenye WhatsApp, hakukuwa na kitu cha kusoma.

Mwisho wa siku mimi kanga hii sikuimalizia kwenye apu yoyote. Piga hesabu kidogo: picha yenye upana wa pikseli 1216 ikitandazwa kwenye sentimita 150 ni kama pikseli nane kwa sentimita, ukingo wa jani unakuwa ngazi, na kiwandani wanachapa kila rangi kwa skrini yake, wanataka rangi zilizokatwa safi sio zilizochanganyikana pembeni. Basi nikaiingiza picha mama kwenye Inkscape, programu ya kuchora kwa mistari, nikaifungia chini kama kivuli, nikachora korosho moja juu yake kwa mkono, nodi kwa nodi, na majani yake saba. Korosho moja tu. Nyingine tatu ni kopi zimegeuzwa. Almasi moja, nukta moja, halafu nikazipanga kuzunguka pindo lote. Jina la kanga nikaliandika kwa fonti ya kawaida, TUMESHIKANA HATUACHANI, maana maneno ya Kiswahili kwenye modeli nyingi yanatoka na herufi za ziada na kanga yenye jina lililokosewa haivaliki.

Ilinichukua usiku mmoja na nusu. Ila tangu siku ile mama mwenyekiti akitaka pindo libadilike nabofya rangi moja, na korosho hazijageuka tena. Juzi kanipigia, kikundi cha jirani nao wanataka yao, ileile lakini ya kijani na jina lingine. Nikafungua lile faili, nikalikopi, nikaandika daftarini chini ya vipimo vya zamani: kijani cha mnazi, `#2F5D3A`, ncha zibaki ndani.